“Sawa.” Yenye Nukta: Nasaha kwa Mlioanza Kazi

Wanangu mlioajiriwa karibuni, mimi ni mhazili mstaafu. Nilianza na mashine ya taipu, nikahamia kwenye kompyuta, na nilipoagwa ofisini kazi nyingi zilikuwa zimeshaingia kwenye simu. Wengi wenu mkija kunijulia hali mnanionyesha kitu kile kile: meseji ndefu mliyoituma kwa adabu zote, na chini yake neno moja lililorudi. “Ok.” “Sawa.” “Noted.” Kisha mnaniuliza: bibi, huyu amenikasirikia?

Mimi huwajibu kwamba neno hilo peke yake haliwezi kutuambia. Ubaridi mnaousikia unatoka katika tofauti kati ya kilichokwenda na kilichorudi. Ukijua kuipima tofauti hiyo utajua lini uwe na wasiwasi na lini ulale, na wewe mwenyewe utaweza kujibu watu kwa ufupi bila kuwachoma.

Kwanza mjue kwamba zamani ufupi haukumuudhi mtu. Enzi zetu mtu akitaka habari ifike upesi alikwenda Posta kupiga telegramu, na telegramu ililipiwa kwa kila neno. Mzee akipokea karatasi iliyoandikwa “Baba mgonjwa njoo” hakujiuliza mbona mdogo wake hakumsalimu. Alijua kila neno lina bei yake, na kwamba aliyetuma alikata salamu ili nauli ya kumpeleka baba hospitali isipungue. Hata meseji za simu za mwanzo zilikuwa hivyo. Meseji moja ilibeba herufi 160 tu, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa humo, na ukizidisha unalipia ya pili. Ndiyo maana kaka zenu waliandika “2taonana” na “cjambo”. Hakuna aliyeona dharau humo, kwa kuwa kila mmoja alijua sababu ya kukata.

Yako pia majibu mafupi ambayo mpaka leo hayamuudhi mtu yeyote. Ukisema “Shikamoo” ukajibiwa “Marahaba”, umepewa neno moja na umetosheka. Ukipiga hodi ukajibiwa “Karibu”, unaingia. Hapo jibu lina mahali pake palipokwishapangwa, na neno moja linapajaza pote. Anayejibu “Marahaba” hajabakiza deni.

Sasa tazameni kilichobadilika. Leo mtu ana bando, na neno la pili halimgharimu chochote. Anayekata maneno hana tena kisingizio cha bei, kwa hiyo msomaji anatafuta sababu nyingine, na sababu ya kwanza inayomjia ni kwamba mwenzake hakutaka kujisumbua kwa ajili yake. Juu ya hayo, tangu Novemba 2014 WhatsApp ina zile tiki mbili za bluu. Mtu asipokuwa amezizima, simu yenyewe inakuambia kwamba ameisoma. Mtu huyo akiandika “Noted”, amekuambia jambo ambalo tiki zilishakuambia. Umengoja mwanadamu, ukapata tena taarifa ya mashine. Hapo ndipo pa kwanza baridi inapoingilia.

Neno hilo kwenye majalada lilikuwa na kazi. Ofisa aliandika dokezo, likawekwa ndani ya jalada, jalada likatoka masjala likapanda kwa mkuu. Mkuu akishasoma aliandika pembeni “Nimeona”, akatia sahihi na tarehe. Bila maandishi yale hakuna aliyeweza kujua kama jalada lilifika au lilikwama kwenye trei ya mtu. Tena mara nyingi “Nimeona” haikukaa peke yake; ilifuatwa na “Tekeleza”, au “Tujadili”, au jina la ofisa wa kuifuatilia. Mabosi wengi mlionao wamelelewa na majalada hayo. Wakiandika “Noted” mkononi mwao ni sahihi ya pembeni, na hawajui kwamba ninyi mnaisoma kama mlango uliofungwa.

Tuchukue mfano niliotunga, tuuchambue taratibu. Binti ana mwezi wa tatu kazini. Amepewa kukusanya taarifa ya robo mwaka kutoka matawi, na leo ni Jumatano. Anamwandikia mkuu wake:

“Shikamoo mama. Taarifa imekamilika isipokuwa matawi mawili, Kibaha na Bagamoyo, hawajaleta takwimu. Nimewakumbusha jana na leo. Naomba radhi kwa kuchelewa. Je, niwasubiri hadi Ijumaa au nitume bila wao?”

Baada ya nusu saa inarudi: “Noted.”

Hesabuni yaliyomo kwenye meseji ya binti. Iko salamu. Iko habari, kwamba matawi mawili yamechelewa na amekwisha kuwakumbusha. Iko radhi. Liko swali. Vitu vinne. “Noted” imepokea kimoja tu, habari. Salamu imebaki hewani, na kwetu shikamoo isiyoitikiwa si jambo dogo. Radhi imebaki hewani, na mtu aliyeomba radhi akanyamaziwa husoma ukimya ule kuwa amekataliwa. Na swali limebaki hewani, ambalo ndilo baya kuliko yote, kwa sababu binti sasa hawezi kufanya kazi. Akisubiri Ijumaa huenda akalaumiwa kwa kuchelewesha. Akituma leo huenda akalaumiwa kwa kutuma taarifa pungufu. Usiku huo halali, na kinachomnyima usingizi si neno lenyewe. Ni yale matatu yasiyojibiwa, ambayo akili yake inayajaza kwa hofu.

Nendeni sasa upande wa mama mkuu. Yuko kikaoni, simu iko chini ya meza. Ameona mstari wa kwanza, akaelewa kwamba kazi imekaribia kwisha, akafurahi moyoni, akataka tu binti ajue kwamba meseji imefika. Kwake ile ni fadhila: angeweza kunyamaza hadi jioni. Watu wawili wenye nia njema wametengana kwa sababu mmoja amehesabu kwamba amejibu, na mwingine amehesabu ambavyo havikujibiwa.

Mama huyu angeweza kuandika hivi: “Marahaba. Ijumaa saa sita, kisha tuma. Usijali.”

Hesabuni maneno: ni saba. Zimo nukta tatu, na hakuna imoji hata moja. Hata hivyo binti akiipokea atashusha pumzi, kwa sababu kila alichokipeleka kimerudiwa na kitu. Salamu imepata marahaba, swali limepata siku na saa, radhi imepata usijali. Na kama mama bado hajaamua, maneno matano yanatosha: “Marahaba. Niko kikaoni, nitakujibu jioni.” Kwa sharti moja, kwamba jioni ijibiwe kweli, kwa kuwa ahadi ya jibu ikipita bure inaacha baridi kubwa kuliko “Noted” yenyewe.

Mnajua desturi ya Mwezi wa Ramadhani, jirani anapokuletea sahani ya futari. Sahani ile hairudi tupu. Huna lazima ya kurudisha pilau kwa pilau. Hata tende chache zinatosha, mradi kuna kitu juu yake. Jibu la meseji ni hivyo hivyo. Kinachotazamwa ni kama limerudi na kitu cha yule aliyetuma: siku aliyouliza, jina alilolitaja, kazi aliyoifanya. Neno linalofaa kujibu meseji yoyote duniani, iwe ya harusi au ya hesabu za stoo, kwa kawaida halijabeba kitu cha mtu yeyote.

Sasa nije kwenye nukta, kwa kuwa najua ndiyo inayowashughulisha. Mnaniambia “Sawa” ni sawa, lakini “Sawa.” ni vita. Sisi wazee tukisikia hivyo tunacheka, ila jambo hilo limepimwa. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton, Marekani, wakiongozwa na Celia Klin, waliwapa wanafunzi 126 mazungumzo mafupi ya kusoma. Katika mazungumzo hayo mmoja anaalika au anauliza, mwingine anajibu kwa neno moja. Jibu lilipoonekana kama meseji ya simu, lenye nukta lilionekana kuwa na unyofu mdogo kuliko lisilo na nukta. Maneno yale yale yalipoonyeshwa kama yameandikwa kwa mkono kwenye karatasi, nukta haikubadilisha chochote.

Hiyo sehemu ya pili ndiyo ya kuizingatia. Kwenye karatasi nukta ina kazi ya lazima, kuonyesha sentensi imekwisha. Kwenye simu, kubonyeza kitufe cha kutuma kumekwisha kufanya kazi hiyo. Sentensi inaishia pale kiputo cha meseji kinapoishia. Nukta inayowekwa baada ya hapo haihitajiki, na kitu kisichohitajika kikiwekwa msomaji huuliza kimewekwa kwa nini. Kijana anajijibu: ameiweka ili kufunga mjadala. Tena ona kwamba hili linahusu jibu la neno moja. Meseji yenye sentensi tatu inahitaji nukta katikati, na ya mwisho inapita bila kutazamwa, kama mlivyoona katika maneno saba ya mama mkuu.

Lakini utafiti ule uliwapima vijana wa chuo, kwa Kiingereza chao. Haukumpima mjomba wako wa Tabora. Sisi tuliofundishwa uhazili tulitia nukta na baada yake nafasi mbili kwa kidole gumba, na barua isiyo na nukta ilirudishwa ichapwe upya. Mkono uliozoea hivyo hauachi kwa sababu umepewa simu. Nukta ya mtu wa umri wangu haina hasira wala upendo. Ni usafi tu, kama kufunga kifungo cha shati. Usipime moyo wake kwa kanuni ambayo hakuwahi kuambiwa ipo.

Alama nyingine zina kisa hicho hicho. Mzee akiandika “Sawa…” na dukuduku zake tatu, mara nyingi amepumzika tu kabla ya kufikiri jambo lingine. Kijana anaona neno limemezwa. Anayeandika “NIMEIPATA KESHO NJOO” kwa herufi kubwa tupu huenda hajui kuzizima au macho yake yanaona vizuri hivyo; kijana anasikia kelele. Kidole gumba kwa mkubwa ni kukubali kwa mikono miwili. Kwa baadhi yenu ni kuondolewa mlangoni. Alama ya mshangao nayo ina kipimo chake. “Asante!” ina furaha. “Asante!!!” kwa rafiki ni kicheko, kwa mkurugenzi inamfanya ajiulize kama uko timamu.

Hata hivyo, nataka mlijue jambo ambalo hamtalipata kwenye utafiti wa Kiingereza. Kwetu sisi alama za uandishi ni moto mdogo. Moto mkubwa uko kwenye namna tunavyoitana. Weka “Sawa.” peke yake, inaganda. Andika “Sawa mwanangu.” na nukta yako pale pale, nayo imeshapata joto. “Sawa mama.” “Sawa kaka.” “Sawa dada, asante.” Nukta haina nguvu tena, kwa sababu neno la udugu limemtaja aliyesoma; sasa jibu ni lake na haliwezi kuwa la mtu mwingine. Kurudia pia kunalegeza: “sawa sawa” ni kukubali kwa mtu aliyeridhika, na “haya basi” ni ya mtu anayeaga vizuri. Na kiko kineno kimoja kinachogandisha kuliko nukta zote: “tu”. “Sawa tu” ni ya mtu aliyeshindwa anayetaka ujue kwamba ameshindwa. Ukiona nukta, usikimbilie hukumu. Ukiona “sawa tu” kutoka kwa mtu asiyeisema kwa kawaida, kuna jambo.

Hapo nimegusa kipimo ambacho nakiamini kuliko vyote: mpime mtu kwa yeye mwenyewe. Kabla ya kusema fulani amekasirika, vuta mazungumzo yenu juu, usome majibu yake ya nyuma. Kama siku zote ni “Sawa.” na “Ok.”, hata siku aliyokupandisha cheo, basi leo hajakuambia lolote jipya. Hiyo ndiyo sauti yake. Lakini kama mtu wa “Sawa mdogo wangu, Mungu akubariki” leo ameandika “Sawa.”, umepata dalili. Bado ni dalili tu. Huenda yuko kwenye daladala ameshika chuma kwa mkono mmoja. Dalili inapata uzito ikiandamana na nyingine: swali lako halikujibiwa, na katika kundi anaendelea kuzungumza na wengine vizuri. Zikikutana mbili tatu, ndipo uchukue hatua.

Na msitegemee sana uhodari wenu wa kusikia sauti ndani ya maandishi, hata wale mnaojisifu kwamba mnamjua mtu kwa meseji moja. Mwaka 2005 mtafiti wa Marekani Justin Kruger na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio ambamo watu walituma sentensi, nyingine za kweli na nyingine za kejeli, na wapokeaji wakatakiwa kutambua ipi ni ipi. Walioandika walitabiri kwamba wataeleweka mara 78 katika kila 100. Kwa barua pepe walieleweka mara 56, karibu sawa na kurusha shilingi juu. Waliosema sentensi zile zile kwa sauti walieleweka karibu robo tatu ya mara, karibu sawa na walivyotabiri. Aliyeandika alikuwa anaisikia sauti yake kichwani, akadhani imesafiri pamoja na herufi. Haikusafiri. Kwa hiyo bosi aliyekuandikia “Noted” huenda aliitamka kichwani kwa tabasamu, na wewe ukaipokea bila tabasamu, ukaweka lako la hofu.

Tena kuna ile “anaandika…” inayotokea juu ya skrini. Unaiona inawaka, inazima, inawaka, halafu inakuja “Sawa.” Unaanza kutunga yale aliyoyafuta. Wanangu, huenda alikosea herufi. Huenda mtu aliingia ofisini mwake. Huenda alianza kukueleza akaona atakueleza vizuri kesho ana kwa ana. Yaliyofutwa hayakutumwa, na usiyajibu.

Ukitaka kujua, uliza. Lakini uliza jambo, usiulize moyo. Binti wetu wa taarifa akiandika “Mama, nimekukosea?” amemtwika mkuu wake kazi mpya ya kumbembeleza, tena katikati ya kikao. Aandike asubuhi yake: “Shikamoo mama. Kuhusu Kibaha na Bagamoyo, nitawasubiri hadi Ijumaa saa sita kisha nitume, isipokuwa ukielekeza vingine.” Meseji hiyo inafanya mambo mawili. Inampa mkuu kitu ambacho neno moja linakijibu kikamilifu: akiandika “Sawa.” hapa, imejaza mahali pote, kama marahaba kwa shikamoo. Na kama alikuwa na hasira kweli, itatokea hapo, juu ya jambo linaloweza kurekebishwa. Jifunzeni ufundi huu: ukijua bosi wako ni mtu wa neno moja, mwandikie meseji ambayo neno moja linaitosha. Swali moja kwa meseji moja, nalo liwe la ndiyo au hapana. Ukimpa “au” mbili na radhi juu yake, umejitafutia mwenyewe usiku wa mawazo.

Sasa nigeukie majibu yenu ninyi, kwa kuwa mnalalamikia “Noted” ya bosi huku mnaandika “Ok” kwa wazazi wenu. Baba yuko kijijini, amekutumia laki moja kwa simu ya kodi ya chumba hadi mshahara uanze. Ameandika: “Nimekutumia hela ya chumba. Mama yako anakusalimu, mguu umepata nafuu. Jitahidi kazini.” Nawe: “Nimepata.” Mwanangu, kwamba umepata baba anajua. Mtandao ulishamletea ujumbe wa uthibitisho wenye kiasi, jina lako na saa. Umemrudishia alichokwishaambiwa na kampuni ya simu, ukaacha mguu wa mama yako barabarani. Andika: “Asante baba, laki moja imefika. Namshukuru Mungu kwa mguu wa mama, nitampigia jioni.” Sekunde chache tu. Kutaja kiasi pia kunasaidia hesabu zenu, siku mtakapotaka kujua nani alituma nini.

Kwa bosi ni hivyo hivyo. Akikuelekeza Ijumaa jioni kwamba mkutano umesogezwa hadi Jumatatu saa mbili na uje na nakala kumi, “Ok” inamwacha na wasiwasi kama uliona saa au uliona nakala. “Sawa mama, Jumatatu saa mbili, nakala kumi” inamaliza kazi. Kama ulisoma vibaya saa, kosa litaonekana leo, kabla ya Jumatatu. Hapo adabu na usahihi vimekwenda pamoja: yale yale yanayompa joto ndiyo yanayozuia makosa.

Lakini msije mkasikia nasaha hii mkaenda kuzidisha. Jibu refu kuliko swali lina harufu ya kujitetea. Mkuu akiuliza “Umefika?” akajibiwa mistari minane juu ya foleni ya Ubungo, atadhani kuna jambo unalificha. “Nimefika mama” inatosha. Dereva wa bodaboda akiuliza “Upo wapi?” mpe alama ya mahali, usimpe salamu. Na kwenye kundi la ofisi lenye watu themanini, tangazo la usafi halihitaji “Noted” themanini. Kila moja inaita simu za watu sabini na tisa waliobaki. Hapo ndipo kidole gumba kinapofaa, kile kinachobandikwa juu ya meseji yenyewe, kwa kuwa aliyetangaza anataka kujua tu kama watu wameona. Hakuuliza mtu, hakuomba radhi kwa mtu, hakumsalimu mmoja wenu kwa jina. Kilichokwenda ni kidogo, na kidogo kurudi ni haki.

Liko na jambo la mwisho, nalo ni la nidhamu. Baadhi yenu mnaijua vizuri baridi ya “Sawa.” na mnaitumia kusudi. Mmeudhiwa, hamtaki kusema, mnatupa neno na nukta yake mkijua litauma. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nanyi mnataka mshindo huo bila kubeba lawama ya kuusema. Acheni. Anayepokea hatajua ameudhi wapi, kwa hiyo hawezi kurekebisha, na ukiulizwa utasema “mbona nilijibu sawa?” Ukiwa na hasira andika kwamba hukubaliani na jambo gani, au andika kwamba utajibu kesho, ulale nalo. Na liwe jambo la kikazi au la nyumbani, likishafika meseji ya tatu hamjaelewana, piga simu. Sauti itafanya kwa dakika mbili kazi ambayo maandishi hayataiweza.

Ukiniuliza ushike nini katika yote haya, nitakuambia ushike tabia moja. Kabla ya kubonyeza kutuma, rudi kwenye meseji uliyoletewa utafute alama ya kuuliza. Ikiwepo, jibu hiyo kwanza. Kisha tazama kama kuna salamu, shukrani au radhi, uipe neno lake. Ukishamaliza hayo, weka nukta au usiweke, ni hiari yako. Na siku mtakapokaa ninyi kwenye viti vya ukuu, na vijana wawaandikie meseji zenye swali katikati, wajibuni swali.